Tupeane uzoefu: baba Bwana, mama Famau, mtoto Shee. Tiketi ya ndege iandikwe vipi?

Binti Langoni
Asalaam aleikum. Naomba wenye kujua watupe uzoefu wao kuhusu majina yetu na tiketi za ndege. Kwetu Amu mtoto hupewa jina lake, likafuatwa na la baba, kisha la babu. Tuseme baba ni Omar Shee Bwana, mama ni Mwanahamisi Athman Famau, na mtoto wao wa miezi 14 ni Athman Omar Shee. Nyumba moja, watu watatu, na kila mtu na jina lake la mwisho. Wanaondoka Manda hadi Nairobi, halafu Jeddah. Kwenye tovuti kuna visanduku viwili, `First name` na `Last name`, na vyote ni lazima. Mnajaza nini?

Mzee wa Matondoni
Andika kama kitambulisho kinavyosoma. La kwanza kisanduku cha kwanza, la mwisho cha mwisho, la katikati liache, halina kazi. Na mtoto mpe jina la mwisho la babake, ili pale kaunta waone kuwa ni familia moja. Manda hadi Nairobi watu husafiri hivyo kila siku na hawaulizwi.

Karani wa Tiketi, Malindi
Shikamoo mzee wangu. Kwa safari ya ndani sikupingi sana, maana pale mtu anatazama kitambulisho kwa jicho na kuona kuwa uso ni wako na majina yanaelekeana. Ya Jeddah ni mambo mengine. Huko tiketi inalinganishwa na pasipoti, na pasipoti inasomwa na mashine.

Kwa hiyo dada, kitambulisho kiweke kando. Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti, tazama chini kabisa. Kuna mistari miwili ya herufi kubwa, kila mmoja nafasi 44. Katika mstari wa juu, baada ya `KEN`, ya mtoto huyo itakuwa hivi:

```
KENSHEE<<ATHMAN<OMAR<<<<<<
```

Mishale miwili pamoja ndiyo mpaka. Kilicho kabla yake kinakwenda `Last name`, kilicho baada yake chote kinakwenda `First name`. Basi mtoto ni Shee, na kisanduku cha `First name` ni Athman Omar. Baba ni Bwana, na Omar Shee. Mama ni Famau, na Mwanahamisi Athman. Usikisie, kwa sababu si kila pasipoti imewekwa la babu mbele. Inategemea mtu alivyojaza sehemu ya `Surname` alipoomba, na ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza kuwa mmoja amewekewa la babu na mwengine la baba. Linalofuatwa ni lile lililochapwa, hata kama nyumbani hamlitumii hivyo.

Binti Langoni
Na hilo la kumpa mtoto jina la mwisho la babake?

Karani wa Tiketi, Malindi
Hapo ndipo penye shida kubwa, na mara nyingi haifanywi na msafiri bali na sisi mawakala. Mtoto aliye chini ya miaka 2 hana kiti, kwa hiyo huandikwa ndani ya jina la mkubwa anayempakata. Katika Amadeus, mfumo tunaokatia tiketi, wakala mwenye haraka huandika hivi:

```
NM1BWANA/OMAR SHEE MR(INF/ATHMAN OMAR/12JAN25)
```

Ona kwamba baada ya `INF` ameweka mshazari moja kwa moja. Mfumo unaelewa kuwa jina la mwisho ni lile lile la mkubwa, basi unamtoa mtoto `BWANA/ATHMAN OMAR`. Bwana ni babu wa babake! Mtoto amerukishwa kizazi kizima bila mtu kukusudia. Iliyo sawa ni hii:

```
NM1BWANA/OMAR SHEE MR(INFSHEE/ATHMAN OMAR/12JAN25)
```

Neno moja tu limeongezwa. Akipakatwa na mamake ni hivyo hivyo, `INFSHEE`, la sivyo atakuwa Famau, jina la upande wa mama ambalo hata hana. Kuna tovuti nazo hujaza kisanduku cha mtoto kwa jina la mkubwa zenyewe, kwa hiyo kitazame kabla ya kulipa.

Ukipokea risiti ya tiketi, soma ya mtoto kwanza. Jina lililo kabla ya mshazari lazima liwe lile la pasipoti yake yeye. Ukiona kosa, piga simu siku hiyo hiyo. Tiketi iliyotolewa na wakala kwa kawaida anaweza kuifuta kabla ya mwisho wa siku ya kutolewa, halafu akaandika upya. Ikishapita hapo inakuwa ni kubadilisha tiketi kwa masharti ya shirika. Mara nyingi jina haligusiki, basi bukingi inavunjwa na kufanywa nyingine, na ile nauli ya chini mliyoipata huenda imeshakwisha.

Kaunta, Mombasa
Nakubaliana na karani. Naongeza kuhusu hofu ya mzee kwamba familia haitatambulika. Mfumo hauwajui kuwa ni familia kwa kufanana majina, unawajua kwa kuwa ndani ya bukingi moja, yaani ile namba ya herufi sita. Baba na mama wakinunua kila mmoja kwa simu yake, ni wageni wawili wasiojuana, na viti vitatawanyika hata kama majina yao ya mwisho ni mamoja. Wakiwa ndani ya bukingi moja, Bwana, Famau na Shee ni kundi moja.

Uhamiaji ndiko wanakoweza kuuliza mtoto huyu ni wa nani, hasa akisafiri na mzazi mmoja. Jibu lake ni cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa kina jina la baba na la mama. Kibebwe mkononi, kisiwe ndani ya sanduku lililokwisha kwenda kwenye ndege. Mzazi mmoja abebe pia barua ya ridhaa ya mwenzake.

Kijana wa Shela
Samahani wakubwa, niko kwenye mada hii hii. Kakangu ni Ali Omar Shee, mimi ni Yusuf Omar Shee. Ana tiketi ya Dubai na hawezi kwenda. Jina la pili moja, la mwisho moja, kumebaki neno dogo tu. Si wanaweza kurekebisha likawa langu?

Kaunta, Mombasa
Hapana kaka. Hilo si kosa la jina, hilo ni mtu mwengine. Kurekebisha ni pale `SHEE` imeandikwa `SHE`, au la kwanza na la mwisho yamebadilishana nafasi. Ali kuwa Yusuf ni kuhamisha tiketi, na mashirika mengi hayakubali. Muulize kakako kama masharti ya nauli yake yanarudisha chochote.

Mzee wa Matondoni
Haya, ya mtoto nimeyakubali. La katikati nalo? Watu wangapi wamefika Jeddah na majina mawili tu kwenye tiketi.

Kaunta, Mombasa
Wamefika, mzee hajasema uongo. Sisi tukiona la mwisho ni sawa na la kwanza ni sawa, mara nyingi tunampitisha. Pasipoti yake tunaipitisha kwenye mashine na majina kamili yanaingia kutoka huko. Mimi binafsi siwezi kumwambia mtu avunje tiketi kwa sababu ya la katikati kukosekana.

Karani wa Tiketi, Malindi
Kumvunjia iliyokwisha nunuliwa, hata mimi sitamwambia. Lakini kununua mpya bila jina la baba, kwa majina yetu, ni kujitafutia. Kwetu mtoto wa kiume mara nyingi huitwa jina la babu. Tuseme mzee Athman ana wana wawili, Omar na Ali, na kila mmoja amemwita mwanawe Athman. Wajukuu hao ni Athman Omar Athman na Athman Ali Athman. Ondoa jina la baba, wote wawili ni `ATHMAN/ATHMAN MR`. Sasa waweke kwenye ndege moja ya umra, wakala wawili mbalimbali. Mashirika yana programu zinazosaka mtu mmoja aliyeshika nafasi mbili, na moja hufutwa. Hapo anayefutiwa hajafanya kosa lolote. Jina la baba ndilo linalowatenganisha: `ATHMAN/ATHMAN OMAR MR` na `ATHMAN/ATHMAN ALI MR`.

Na kama tovuti inakwambia umerudia jina, usiogope. Jina lako ndilo hilo.

Mama Amr
Nashukuru kwa hilo. Wa kwangu ni Amr Salim Ali, pasipoti Ali mbele. Tiketi imekuja `ALI/A MR`. Nikadhani nimekosea kuandika.

Karani wa Tiketi, Malindi
Hukukosea, mama. Ile `MR` mwishoni mfumo umeidhani ni "bwana", ikakatwa kutoka kwenye jina, akabaki A. Dawa ni jina la baba tena: andika `AMR SALIM`, ndipo mwisho wa jina usiwe `MR`. Hii ya sasa mpigie aliyekuuzia, maana herufi moja haitoshi kuwa Amr.

Binti Langoni
Na bodingi pasi? Mama akiwa Mwanahamisi Athman, jina lote litaingia?

Kaunta, Mombasa
Ndani ya ile alama ya kusomwa na mashine kuna nafasi 20 za jina, mshazari ukiwemo. Litatoka `FAMAU/MWANAHAMISIATH` na kukatika hapo. Nafasi kati ya maneno nazo mara nyingi huondolewa. Hilo si kosa na halihitaji kurekebishwa, tiketi yenyewe ina jina zima.

Ila akitaka kufanya cheki-in kwa simu, anaulizwa namba ya bukingi na jina la mwisho. Watu wengi huandika jina la baba, kwa sababu ndilo wanaloitwa nalo, wakaambiwa bukingi haipo. Ipo. Andika lile la kabla ya mshazari.

Bin Pate
Swali kwa wote wawili. Pasipoti ya shangazi imeandikwa kwenye `Surname`: BINTI ALI. Hilo ni neno moja au mawili?

Karani wa Tiketi, Malindi
Huwa naandika `BINTI ALI` kama pasipoti, na mfumo mwingine unaliunganisha wenyewe kuwa `BINTIALI`. Yote mawili kwangu ni sawa. Nisichofanya ni kuiacha `BINTI` nje.

Kaunta, Mombasa
Mimi huwaambia waunganishe tangu mwanzo, kwa sababu kwenye cheki-in ya simu yenye nafasi hukataa mara kwa mara.

Karani wa Tiketi, Malindi
Na ukiunganisha, viza ikiwa na maneno mawili?

Kaunta, Mombasa
Viza inashikamana na namba ya pasipoti, nafasi kati ya maneno haitamzuia mtu. Lakini najua kuna wenzangu ambao wangeuliza.

Bin Pate
Basi nijaribu yote mawili kwenye simu nione lipi linafungua.