Mrejesho: barua ya mzee kujitoa klabuni, Kigoma

Niliuliza: "Baba mdogo amestaafu, anajitoa klabu ya mpira baada ya miaka 22. Anadaiwa ada. Barua iandikweje?"

Ahsanteni, barua imepokelewa. Kilichosaidia zaidi ni kutaja siku uanachama unapokoma. Rasimu ya kwanza ilisema "naomba kujitoa" tu, na kwa maneno hayo mtunza hazina angeendelea kuhesabu ada hadi kamati ikae. Tukaandika: "Najiuzulu uanachama kuanzia tarehe 31 Julai."

Deni tulilitaja kwa miezi: Mei, Juni na Julai, shilingi 5,000 kila mwezi, jumla 15,000. Ukilipa bila kutaja miezi, fedha huweza kuingizwa kwenye michango ya safari na ada ikabaki wazi. Kwa hiyo tulilipa kwanza, namba ya stakabadhi ikaingia ndani ya barua, pamoja na ombi la maandishi kwamba hadaiwi tena.

Barua ilikwenda kwa katibu, nakala mbili. Moja ikarudi na sahihi, mhuri na tarehe ya kupokelewa. Hiyo msiiache ofisini. Shukrani kwa wachezaji wenzake zilitosha mistari miwili, na mzee alizitaka ziwe mwanzoni.