Tupeane uzoefu: vichwa vya habari vya mtego mnavikaguaje?

Mwana wa Mikindani: Wakuu, minada ya korosho ikianza tu, simu zinajaa vichwa kama hiki: "HII NDIYO SIRI NZITO ILIYOWALIZA WAKULIMA NEWALA!! USIPITWE". Mnaokagua vichwa kabla ya kusambaza, mnaangalia sifa zipi, na mnakiandikaje upya bila chumvi?

Chikongola Juu: Mimi sina maneno mengi. Herufi kubwa, mshangao mara mbili, na neno "siri". Vikitimia vitatu, mtego huo, nafuta.

Dada wa Masasi: Herufi kubwa mwachie, kaka. Magazeti yetu yanaandika hivyo hata habari ya kikao cha halmashauri. Mimi nina sifa tano, kila moja najibu ipo au haipo. Nikisema ipo, lazima nichomoe maneno yenyewe kutoka kwenye kichwa. Yakikosekana maneno ya kuchomoa, sifa hiyo haipo, hata kama kichwa kimeniudhi. Hicho cha Newala kinatoka hivi:

Kuficha kiini: ipo, "hii ndiyo siri".
Kutia hisia chumvi: ipo, "nzito".
Kumsukuma msomaji: ipo, "usipitwe".
Mapambo: ipo, "!!", lakini peke yake haihukumu.
Kichwa kuizidi habari: bado, mpaka nisome ndani.

Tuseme ndani imeandikwa kwamba bei ya juu mnadani imeshuka kutoka Sh3,100 hadi Sh2,900 kwa kilo, na wakulima wakakataa kuuza. Hakuna aliyelia. Basi "iliyowaliza" inaifanya sifa ya tano nayo iwepo. Kichwa kipya: "Wakulima Newala wakataa kuuza korosho baada ya bei kushuka kwa Sh200 kwa kilo".

Chikongola Juu: Kirefu mno. "Bei ya korosho yaporomoka Newala", kwisha kazi.

Dada wa Masasi: Umetoa chumvi ukarudisha chumvi. Sh200 kwenye Sh3,100 haifiki hata asilimia saba, "yashuka" inatosha. Na umewafuta wakulima waliogoma, wakati habari yenyewe ndiyo hiyo. Anayesoma kichwa chako atadhani waliuza.

Mzee wa Kilwa Masoko: Naunga mkono. Bei bila tarakimu ni umbea.

Mpwa wa Somanga: Mmenikumbusha Mei 2024, Kimbunga Hidaya. "Barabara ya Lindi–Dar yakatika Somanga", na kuna watu waliiita kiki! Barabara ilikuwa imekatika kweli, maji yameichukua, magari yamesimama pande zote mbili. Ukikagua kwa kutafuta maneno makali tu, utakibandika alama kichwa cha kweli kabisa. Neno kali likiwa ndilo tukio lenyewe, liacheni.

Fundi Redio: Sawa, lakini Kenneth je? Aprili 2019 Mtwara tulitahadharishwa, watu wakahama pwani, kimbunga kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji. Kichwa cha "Kimbunga kuipiga Mtwara leo" mnakiweka wapi? Hakifichi chochote, hakina mshangao.

Ligula B: Siku ile jamani! Upepo wenyewe tuliusubiri mchana kutwa…

Fundi Redio: Ndugu, tuko kwenye kichwa.

Dada wa Masasi: Huo si mtego. Ni uhakika uliopitiliza, na hauhukumiwi kwa njia kilikopita kimbunga baadaye. Linganisha na tahadhari ya saa ile: kama Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema "kinatarajiwa", rudisha "kinatarajiwa" na uitaje mamlaka.

Fundi Redio: Mimi nakiwekea alama kwenye sifa ya tano. Kichwa kimesema zaidi ya habari, basi.

Dada wa Masasi: Hapo tutabishana mpaka kesho.

Nachingwea Leo: Samahani, mimi nina ukurasa wa habari. Nikiandika kawaida watu hawafungui. Nifanyeje?

Chikongola Juu: Weka swali. "Je, wajua bei ya leo?"

Mpwa wa Somanga: Usimsikilize. Jibu unalo mkononi, unamficha mkulima wa nini? Mahali na tarakimu zitangulie: "Nachingwea: korosho Sh2,900 kwa kilo". Anayehusika atafungua.

Mwana wa Mikindani: Na nikitumiwa picha ya kichwa tu, habari yenyewe haipo?

Dada wa Masasi: Sifa nne za kwanza unakagua, ya tano unaiacha wazi. Kichwa kipya hapo usikijaze kwa kubahatisha, maana ukiandika "bei yashuka" kumbe ndani ni suala la malipo kuchelewa, umetunga uzushi kwa lugha ya upole. Andika kilichopo tu: "Habari kuhusu wakulima wa Newala, tukio halikutajwa kwenye kichwa". Halafu mwombe aliyekutumia akupe habari nzima.