Kampuni inayotuandikia vitabu ndiyo hiyo hiyo inayotukagua: iruhusiwe au ipigwe marufuku?

Mwanahisa wa Mwanza
Wakuu, nina hisa kwenye kampuni ya ukoo, tunauza vifaa vya ujenzi. Kila mwisho wa mwezi vijana wa kampuni ya ukaguzi wanakuja kutuandikia vitabu. Mwaka ukiisha, bosi wao anatoa ripoti ya ukaguzi, na kwenye ankara yake kuna ushauri wa kodi pia. Hii iruhusiwe, au bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, wapige marufuku kabisa?

Kalamu Nyekundu
Marufuku, hakuna mjadala. Refa hachezi. Enron, ile kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, ilikufa kwa sababu wakaguzi wake, Andersen, walikuwa wanaandika vitabu halafu wanavikagua wenyewe.

Mkaguzi wa Zamani
Ndugu Kalamu, Andersen hawakuwa makarani wa Enron. Walichukua kazi ya ukaguzi wa ndani na ya ushauri juu ya ukaguzi wa nje. Mwaka 2000 walilipwa dola milioni 25 kwa ukaguzi na milioni 27 kwa kazi hizo nyingine. Tatizo kubwa lilikuwa pesa: mteja wa namna hiyo ni vigumu kumwambia hapana. Sheria ya Marekani ya 2002 iliwakataza wakaguzi wa kampuni zilizo kwenye soko la hisa kuwaandikia vitabu wateja hao hao.

Huku kwetu NBAA wanafuata kanuni za maadili za IESBA, bodi ya kimataifa ya maadili ya wahasibu. Benki, bima na kampuni za soko la hisa haziruhusiwi kuandikiwa vitabu na mkaguzi wao. Kampuni ndogo ya watu binafsi kama ya Mwanza inaruhusiwa, lakini ni kazi za kikarani tu: kuingiza miamala ambayo mteja mwenyewe ameshaamua inaenda akaunti gani, kupiga mishahara kwa viwango alivyotoa, kupanga taarifa za fedha kutoka kwenye urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote, aliouidhinisha. Panapohitajika uamuzi, mwamuzi ni mteja.

Mama Saruji
Mimi nina kampuni kama hiyo. Mwaka wa kwanza niliajiri mhasibu, akaondoka katikati ya mwaka na risiti zangu zikiwa ndani ya boksi. Tangu nimpe mkaguzi kila kitu, benki haijanirudishia hesabu hata mara moja. Mnataka nilipe ofisi mbili ili nani anufaike?

Kalamu Nyekundu
Mama, mtu asiyeweza kusoma urari wa kampuni yake hakupaswa kusajili kampuni. Angebaki na duka.

Mama Saruji
Hilo duka unalolidharau limewaajiri vijana 9 na linalipa kodi. Usinifundishe kusajili. Wewe umewahi kulipa mshahara wa mtu?

Dereva Mstaafu
Kalamu umekosea adabu. Mwombe radhi mama wa watu.

Kalamu Nyekundu
Sijamtukana mtu. Nimesema ukweli.

Mwanahisa wa Mwanza
Jamani, niliuliza kuhusu mkaguzi, siyo kuhusu maduka.

Mkaguzi wa Zamani
Mwanahisa, hapo pa duka ndipo swali lako lilipo. Kinga ya kwanza ya kanuni hizi inamhusu mteja. Lazima upande wake awepo mtu mwenye ujuzi wa kutosha kufanya maamuzi na kuyabeba. Asipokuwepo, mkaguzi anageuka kuwa meneja, na hakuna kinga inayotibu hilo.

Niwape mfano wa tarakimu rahisi. Kampuni ya usafirishaji imenunua lori kwa shilingi milioni 120. Kijana wa ofisi ya ukaguzi anayeandika vitabu anaamua litatumika miaka 8 na mwisho halitakuwa na thamani, kwa hiyo uchakavu ni milioni 15 kwa mwaka. Faida inatoka milioni 22, na wanahisa wanagawana 20. Kumbe mwenye lori analipeleka kwenye barabara za machimbo, na malori yake yote hufa mwaka wa 4. Uchakavu ulipaswa kuwa milioni 30 na faida milioni 7. Wamegawana mtaji wakidhani ni faida.

Sasa fungua jalada la ukaguzi. Utakuta mtu amegawa 120 kwa 8, amepata 15, ameweka alama ya tiki. Hesabu ni sahihi. Hakuna aliyeuliza hiyo 8 imetoka wapi, kwa sababu imetoka meza ya jirani. Hatari ya mtu kukagua kazi yake ndiyo hiyo. Wizi haupo hapo, ni swali tu ambalo halikuulizwa.

Mhasibu Kijana
Lakini si ndiyo maana tunatenga timu mbili? Ofisini kwetu anayeandika vitabu haruhusiwi kugusa ukaguzi. Timu zikitengwa, tatizo limeisha.

Mkaguzi wa Zamani
Kutenga timu ni sawa, na mkaguzi mwandamizi ambaye hakugusa kazi yoyote akiipitia upya ni bora zaidi. Lakini inasaidia kwa zile kazi za kikarani zinazoruhusiwa. Kama ofisi yenu ndiyo iliyochagua miaka 8, timu ya pili haifanyi uamuzi ule uwe wa mteja. Na timu zote mbili zinapandishwa cheo na bosi mmoja, kijana wangu. Nani ataandika kwamba wenzake wamekosea milioni 15?

Mama Saruji
Mzee, mbona hakuna aliyewahi kuniuliza lori langu litakaa miaka mingapi? Hilo nalijua mimi kuliko kijana yeyote wa ofisini. Najua pia mkandarasi gani hatalipa. Sijui kupanga urari, lakini haya nayajua.

Mkaguzi wa Zamani
Basi wewe ndiye mtu anayetakiwa. Wakuletee orodha ya wadaiwa iliyopangwa kwa umri wa deni, useme lipi limekufa, uweke sahihi. Umri wa kila mali useme wewe. Marekebisho ya kufunga mwaka wakueleze moja moja mpaka uelewe, ndipo uyaidhinishe. Ukisaini rundo usilolielewa, sahihi hiyo ni ya wino tu.

Kalamu Nyekundu
Na atasaini bila kuelewa, kama wote. Ndiyo maana nasema marufuku.

Ofisi Ndogo Singida
Mimi ni mwenye ofisi, mshirika ni mimi peke yangu, nina vijana 3. Sina wa kunipitia kazi. Ukaguzi peke yake haulipi pango. Mkinikataza vitabu, mteja hatakwenda kuajiri mhasibu. Atakwenda kwa mtu wa stesheneri anayechapa hesabu za TRA kwa bei ya kupatana.

Mkaguzi wa Zamani
Hilo nalielewa, na sina jibu zuri kwako. Unaweza kubadilishana na ofisi nyingine, wewe uandike vitabu vya mteja wao na wao wakague wa kwako. Usipotaka, mlipe mhasibu wa nje aipitie kazi yako kabla hujasaini. Na angalia mapato yako: mteja mmoja wa ukaguzi akizidi asilimia 30 ya mapato yote ya ofisi kwa miaka 5 mfululizo, kanuni zinakutaka uangalie kama mhasibu wa nje anahitajika kuipitia kazi ya mwaka wa 5.

Ofisi Ndogo Singida
Ofisi nyingine iliyo karibu nami ndiyo inayoninyang'anya wateja. Nimpelekee vitabu vyao avione?

Mwanahisa wa Mwanza
Nimempigia simu binamu, ndiye mkurugenzi. Nimemuuliza nani aliamua thamani ya mabati yaliyoshika kutu kwenye stoo yetu. Amesema "wale vijana wa vitabu." Nimeomba mkutano wa wanahisa kabla ripoti haijasainiwa.

Kalamu Nyekundu
Na huyo bosi wao akikwambia mabati hayo ni mazima, utamwamini nani?

Mama Saruji
Ataingia stoo ayaangalie mwenyewe. Na radhi yangu bado naisubiri.