Naombeni ushauri: maneno ya kipeperushi cha picha za harusi

Kijana_wa_Lenzi:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Morogoro, ndiyo kwanza naanza kupiga picha za harusi na nataka kuchapa kipeperushi. Nataka mtu akisoma, machozi yamlenge. Nimeandika hivi:

*"Tunanasa kila tone la chozi na kila tabasamu. Kifurushi cha Dhahabu: huduma siku nzima, picha zote, albamu kubwa. Sh 1,200,000."*

Nisaidieni kunogesha.

Mama_Ubani:
Siku hizi picha 1,000, ndoa miezi 6. Wekeni na maombi kwenye hicho kifurushi.

Fundi_Mwanga:
Mdogo wangu, kabla ya kunogesha: mko wapiga picha wangapi?

Kijana_wa_Lenzi:
Hilo si la msingi, mkuu. Nimeuliza maneno.

Fundi_Mwanga:
Ndilo la msingi. Umeahidi kila tone la chozi. Mama wa bibi harusi analia Kihonda saa 4 asubuhi, saa hiyohiyo bwana harusi anavalishwa tai Bigwa. Kamera moja itanasa machozi ya wapi? Sentensi ya hisia nayo ni ahadi, kama bei ilivyo.

Shangazi_Keki:
Albamu! Mimi niliambiwa kurasa 20, nikajua karatasi 20. Zikaja karatasi 10, eti kila upande ni ukurasa. Wakwe zangu wote upande mmoja, wamebanana kama kwenye daladala.

Bwana_Sheria:
Acha hisia, weka bei tu. Na picha ni mali ya aliyepiga, mteja hawezi kukudai zote.

Fundi_Mwanga:
Hakimiliki ni jambo moja, ulichoandika "picha zote" ni jambo lingine. Siku ya harusi unabonyeza mara 2,000. Humo kuna waliofumba macho, kuna majaribio ya mwanga, kuna shemeji yuleyule mara 9. Ukishachambua zinabaki 400 za kusafisha. Mteja akisoma "zote" anahesabu zile 2,000. Na "siku nzima" ni saa ngapi? Saluni saa 2 asubuhi mpaka ukumbini saa 6 usiku ni saa 16. Kijana, kuna mtu ameshakudai?

Kijana_wa_Lenzi:
Sawa, niseme. Nimeshachapa 200. Bibi harusi mmoja alilipa nusu, harusi imepita, nimempa picha 380 nzuri kabisa. Sasa mwenyekiti wa kamati yao anapiga simu kila siku anataka zote, na kipeperushi anacho mkononi. Lakini kila mtu anaandika "picha zote"!

Jicho_Kali:
Ngoja. Juu umesema *unataka* kuchapa, tena ndiyo unaanza. Sasa zimechapwa 200 na harusi imepita? Hadithi hii ya kutunga. Au wewe ndiye mwenyekiti wa kamati unatafuta ushahidi.

Shangazi_Keki:
Hahaa! Mwenyekiti, michango ilitosha?

Kijana_wa_Lenzi:
Nilisema nataka kuchapa nikimaanisha tena. Niliona aibu.

Fundi_Mwanga:
Awe kijana, awe mwenyekiti, maneno yenyewe nimeyaandika. Ya mpiga picha mmoja:

*"Saa 4 asubuhi tunabisha hodi nyumbani kwa bibi harusi, mama akiwa bado anamfunga mkufu. Bwana harusi tunaanza naye kanisani. Tunaaga ukumbini saa 4 usiku. Kila saa ya ziada inalipiwa, tukikubaliana kabla.*

*Ndani ya siku 30 mnapokea flashi yenye picha zisizopungua 350, tulizozichagua na kuzisafisha. Picha ambazo hazikuchaguliwa hazitolewi. Albamu ni moja, inchi 12 kwa 12, karatasi 10, yaani kurasa 20. Picha za albamu mnazichagua wenyewe. Nusu ya malipo inafunga tarehe, iliyobaki wiki moja kabla ya harusi."*

Mkufu ndio unaoliza. "Kila tone la chozi" hakuna anayeliona.

Bwana_Sheria:
Hapo kwenye ziada andika kiasi, la sivyo mtagombana ukumbini.

Fundi_Mwanga:
Kweli, hilo limenipita.

Kijana_wa_Lenzi:
Na huyu wa sasa je? Nimpe zote 2,000?

Fundi_Mwanga:
Mimi ningempa zile zinazotazamika, hata bila kusafishwa, na barua fupi. Wengine humu watakataa.

Bwana_Sheria:
Mimi nakataa.

Jicho_Kali:
Memori kadi bado unayo, au ulishaifuta?

Kijana_wa_Lenzi:
Tuachane na kadi. Hivi vipeperushi 170 vilivyobaki nitasahihisha kwa kalamu. Kuchapa upya ni hela.

Shangazi_Keki:
Kalamu gani, mwanangu? Karatasi ya kung'aa haishiki wino.