Msaada: mashine iko vitabuni kwa milioni 30, mkaguzi anasema imeshuka thamani. Ingizo gani lifuate?

Karani_Leja

Wakuu, habari za kazi. Tunafunga hesabu za mwaka na mkaguzi amenikalia kooni kuhusu mashine moja ya kuchapa lebo. Tuliinunua kwa milioni 48, tukaipa maisha ya miaka 8 bila thamani ya mabaki, uchakavu milioni 6 kila mwaka. Miaka 3 imekwisha, na uchakavu wa mwaka huu nimeshaandika. Uchakavu uliolimbikizwa ni 18, vitabuni imebaki 30.

Mteja aliyekuwa akichukua karibu nusu ya lebo zetu ameondoka. Mashine yenyewe haina hitilafu, ila siku nyingine inazimwa saa sita mchana kwa kukosa kazi. Nimekadiria kwamba kwa miaka 5 iliyobaki itatuingizia milioni 6 kwa mwaka baada ya kutoa karatasi, wino, umeme na mishahara. Sita mara tano ni thelathini, vitabuni ni thelathini, nikaona hakuna hasara. Mkaguzi amekataa katakata.

Kuna mtu anayenunua mashine zilizotumika, yuko tayari kutoa 21, lakini kuifungua na kuisafirisha ni juu yetu, kama 1.5. Bosi naye ameleta lake: mwakani tutaifungia kifaa cha kuchapa kwenye plastiki, makusanyo yatafika 7.5 kwa mwaka, kwa hiyo niweke 7.5. Tunafuata viwango vya kimataifa. Je, hasara ipo? Ni kiasi gani, na kwenye jarida naandika nini?

Kipanga77

Mbona rahisi mkuu. Soko limeshasema: 21 toa 1.5 ni 19.5. Vitabuni 30. Hasara 10.5. Debiti hasara, krediti akaunti ya mashine, funga hesabu ukalale.

NusuVocha

Kipanga usimharakishe mwenzio. Kazini kwetu tunafuata kanuni za Marekani, na hesabu yake ya sita mara tano ndiyo hatua ya kwanza kabisa. Unajumlisha fedha zitakazoingia bila kuzipunguza kwa muda, unalinganisha na thamani ya vitabuni. Jumla ikitosha, unaishia hapo. Yake imetosha, ingawa kwa kubanana. Kwa hiyo hakuna hasara.

Mzee wa Mizania

NusuVocha, hilo ni sahihi huko kwenu, ila kijana amesema viwango vya kimataifa. Kwenye IAS 36 hatua hiyo haipo. Hakuna kulinganisha na jumla ghafi hata mara moja. Fedha ya mwaka wa tano lazima iletwe kwenye thamani ya leo kwanza. Ndiyo maana mashine hiyohiyo inaweza kukosa hasara kwa Mmarekani na ikawa nayo kwako.

Kipanga naye ameshika nusu ya jambo. Mashine ina njia mbili za kurudisha fedha: kuuzwa au kuendelea kufanya kazi. Kiwango kinakuambia uchukue iliyo kubwa kati ya hizo mbili, kwa sababu mwenye mali mwenye akili timamu atafuata njia inayomlipa zaidi. Njia ya kuuza inampa 19.5. Njia ya kuitumia bado hatujaihesabu, kwa hiyo huwezi kuandika hasara ya 10.5 sasa hivi.

Karani, swali kabla sijaendelea: kiwango cha punguzo umeambiwa ni ngapi? Na hiyo 6 ina marejesho ya mkopo ndani yake?

Karani_Leja

Mkaguzi anakubali asilimia 12 kabla ya kodi. Mashine ilinunuliwa kwa mkopo, na riba sikuitoa. Nilikuwa najiuliza kama niitoe.

Mzee wa Mizania

Usiitoe. Gharama ya fedha imeshaingia kupitia hiyo asilimia 12. Ukitoa na riba utakuwa umeipunguza mashine mara mbili. Kodi ya mapato nayo usiitoe, maana kiwango chako ni cha kabla ya kodi. Tena mashine ingekuwa imenunuliwa taslimu, hesabu ingekuwa hiihii, kwa sababu namna mlivyoilipia haibadilishi inachozalisha.

Habari ya bosi na kifaa cha plastiki, iache. Unaipima mashine kwa hali iliyonayo leo. Fedha za maboresho ambayo hamjayafanya haziingii, wala gharama ya kifaa chenyewe. Bosi akikubana, mwambie siku kifaa kitakapofungwa na kuanza kazi, hesabu itaangaliwa upya na hasara inaweza kurudishwa. Matengenezo ya kawaida ya kuiweka mashine hai ni suala jingine, hayo yanatolewa kwenye makadirio.

Sasa hesabu. Milioni 6 za mwaka wa kwanza zinakuwa 5.36 leo, za pili 4.78, za tatu 4.27, za nne 3.81, za tano 3.40. Jumla 21.63 ukitunza desimali zote. Kwenye jedwali lako andika hivi, miaka mitano ikiwa B2 hadi B6:

```
=NPV(12%,B2:B6)
```

Weka 6 ya mwaka wa kwanza kwenye B2, usianze na sifuri ya leo, maana kila seli inasogezwa mwaka mzima.

Kuitumia ni 21.63, kuuza ni 19.5. Kubwa ni 21.63, hicho ndicho kiasi kinachorejesheka. Vitabuni ni 30, kwa hiyo hasara ni 8.37. Ingizo:

Debiti: Hasara ya kushuka kwa thamani (faida na hasara) 8.37
Krediti: Hasara limbikizi ya kushuka kwa thamani, mashine 8.37

Angalia krediti haikugusa akaunti ya gharama kama Kipanga alivyoandika. Mizania itajumlika sawa kwa njia yake, ila baada ya miaka miwili mtu atafungua rejista ya mali, akute gharama 39.63, asijue imetoka wapi. Iache 48 isimame, chini yake uchakavu 18, chini yake hasara 8.37, inabaki 21.63.

Kipanga77

Mzee nimekuelewa kwenye "iliyo kubwa". Lakini sisi tunakrediti mashine moja kwa moja na mkaguzi wetu hajawahi kulalamika.

Mzee wa Mizania

Hajalalamika kwa sababu jumla inakaa sawa. Subiri siku hasara itakapotakiwa kurudishwa, uone utakavyotafuta gharama ya awali.

Shangazi Mlipaji

Jamani mbona mnamzungusha? Mashine ikipoteza kazi, uchakavu unapanda. Mwaka huu andika uchakavu 14.37 badala ya 6, yameisha. Sisi jenereta letu lilipozeeka ndivyo tulivyofanya.

BintiWaUkaguzi

Shangazi, jenereta kuzeeka na mashine kukosa wateja si jambo moja. Kuzeeka ni matumizi, na uchakavu ndio unaolibeba. Hapa kuna tukio: mteja kaondoka. Faida ya mwaka itatoka ileile, lakini msomaji wa hesabu atadhani mashine imechakaa ghafla, na maelezo ya hesabu yanatakiwa yaonyeshe hasara hiyo peke yake, tukio lililoileta, na kiwango cha punguzo kilichotumika.

Na tukio ndilo lililomlazimisha kupima. Mashine haipimwi kila mwaka kwa mazoea. Mwisho wa mwaka unajiuliza kama kuna dalili: kazi imepungua, bei ya soko imeanguka, imeharibika, teknolojia imeipita, riba za soko zimepanda. Hakuna dalili, hakuna kupima. Karani anayo dalili, tena nene.

Ila Shangazi kanikumbusha jambo. Kama jenereta lenu liliwahi kuthaminiwa upya na ziada ikakaa kwenye akiba ya uthamini, ingizo linabadilika. Nilikutana na kampuni yenye akiba ya 3 kwa mashine moja, hasara ikawa 5. Walipeleka yote 5 kwenye faida na hasara. Ilitakiwa 3 ziimalize kwanza akiba ya mashine hiyohiyo, kisha 2 tu ndizo zishukie faida na hasara. Karani, yenu iko kwa gharama ya awali?

Karani_Leja

Kwa gharama ya awali, hatujawahi kuithamini upya. Asanteni sana. Mwakani uchakavu naendelea na 6?

Mzee wa Mizania

Hapana, hapo ndipo wengi wanaposahau kubadilisha mfumo. Chukua 21.63 ugawe kwa miaka 5 iliyobaki, unapata 4.326 kwa mwaka. Na kabla ya kugawa jiulize kama miaka 5 bado ni kweli, maana mashine isiyo na kazi mara nyingi huuzwa mapema. Mkiamua ni 3, hata makadirio ya fedha ufanye upya.

Kuhusu kurudisha: tuseme baada ya miaka miwili wateja wanajaa. Vitabuni itakuwa 12.978. Hata ikipimwa ikatoa 25, hupandishi hadi 25. Dari ni pale ambapo mashine ingekuwa kama hasara isingeandikwa kabisa, yaani 30 toa miaka miwili ya 6, ni 18. Unadebiti hasara limbikizi, unakrediti faida na hasara, unasimama hapo.

NusuVocha

Hapo tena tumetofautiana. Kwetu mashine inayoendelea kutumika ikishashushwa hairudi juu.

BintiWaUkaguzi

Mimi bado kuna kitu kinanisumbua. Karani, lebo zikitoka kwenye hiyo mashine zinauzwa hivyohivyo, au zinapita kwingine?

Karani_Leja

Zinapita kwenye mashine ya kukata. Hiyo vitabuni ni 4, nikiiuza napata kama 3.6 baada ya gharama. Lakini inakata pia kazi za mashine yetu ndogo ya zamani.

BintiWaUkaguzi

Basi swali lako halijaisha. Hiyo 6 imetengenezwa na mashine mbili. Kama ya kuchapa haiwezi kuingiza fedha bila ya kukata, unapima kundi: vitabuni 34, kulitumia 21.63, kuliuza 19.5 na 3.6 ni 23.1. Sasa kuuza ndiko kukubwa, na hasara inakuwa 10.9: ya kuchapa inashuka hadi 19.5, ya kukata hadi 3.6.

Kipanga77

Kumbe 10.5 yangu ya mashine ya kuchapa imerudi kwa mlango wa nyuma!

Mzee wa Mizania

Imerudi kwa bahati, Kipanga. Ila Binti, ya kukata inahudumia na mashine ndogo, kwa hiyo hata kundi lako halijakamilika. Labda mashine zote tatu ni kundi moja, na fedha za ile ndogo ziingie pia. Au gharama ya kukata itolewe kwenye ile 6 kwa bei ambayo mtu wa nje angetoza, ya kuchapa ipimwe peke yake, ikiwa lebo ambazo hazijakatwa zina soko. Mimi naegemea kundi la mashine tatu.

BintiWaUkaguzi

Lebo ambazo hazijakatwa nani atazinunua? Karani, usipeleke 8.37 bado. Leta kwanza makadirio ya mashine ndogo na thamani yake vitabuni.

Karani_Leja

Sawa, nayatafuta. Ile ndogo vitabuni imebaki karibu sifuri na kazi zake ni chache, lakini zinalipa vizuri. Nitarudi na namba nikishakaa na mkaguzi.