Mteja mgeni atangulize pesa kabla fundi hajagusa mbao?

Seremala, Jang'ombe: Mteja nisiyemjua anataka mlango wa kuchonga, mabamba mawili, wa mvule. Nikimwomba atangulize pesa naona kama namwambia simwamini. Nisipomwomba, mbao ninunue kwa pesa gani? Nimwambieje?

Mchongaji, Fuoni: Mwombe, tena mapema, siku ileile unayompa bei. Ukikubaliana naye bei kisha siku ya pili ukaleta habari ya advansi, hapo ndipo atakapohisi umemshuku. Na usimwambie "watu siku hizi wanakimbia", maana unamtia kundi moja na waliokimbia. Mweleze mbao. Mlango uliopimwa kwa nafasi ya ukuta wake haumfai mtu mwengine, na mvule mbichi ukichongwa kabla haujakauka hunywea, viungo vikaachana na mabamba yasikutane kwenye mfaa. Kwa hiyo mbao zinunuliwe mwanzo, zikae kivulini. Hiyo ndiyo sababu ya kweli, na mteja huielewa.

Fundi aluminiamu, Amani: Mnajisumbua. Nusu kwa nusu, kila mtu anajua hivyo. Nusu mwanzo, nusu siku ya kukabidhi.

Mchongaji, Fuoni: Nusu ni rahisi kusema, lakini haifuati gharama. Chukua mlango wa 2,400,000. Tuseme mbao ni 1,150,000, na misumari ya shaba, bawaba na komeo 250,000. Vifaa peke yake ni 1,400,000. Ukipokea nusu, yaani 1,200,000, umepungukiwa 200,000 kabla hujashika patasi. Wengi pengo hilo hulijaza kwa advansi ya mteja anayefuata, na huyo naye akija kuulizia, mbao zake hazipo. Hapo simu inaanza kuzimwa. Kilichowaharibia mafundi jina ni pesa ya mtu mmoja kununua mbao za mwengine.

Omba 1,400,000 ya vifaa. Ufundi ni 1,000,000: upokee 600,000 akishakuja kuiona nakshi, na 400,000 mlango ukishasimama na kufungika. Mwandikie hivi:

"Assalamu alaykum Bi. Mlango ni 2,400,000. Tunatanguliza 1,400,000 ya mbao, shaba, bawaba na komeo, risiti nitakupa. 600,000 ukishaiona nakshi, 400,000 mlango ukishafungwa kwako. Bei hii ni ya siku 7 kwa sababu ya mbao. Ukipenda tufuatane kuzinunua, au umlipe muuza mbao mwenyewe."

Sentensi ya mwisho usiiache. Mteja akiona pesa yake inaweza isipite mkononi mwako, shaka hupungua.

Mpishi wa harusi, Chake Chake: Mimi wa biriani nachukua yote siku mbili kabla. Nyama na mchele havikopeshwi.

Mteja, Mbweni: Wewe, shughuli ikishapita huna tena cha kutushikia, ndiyo maana unachukua yote. Mlango ni kazi ya wiki nyingi. Kwa upande wetu wateja, 1,400,000 kwa fundi tusiyemjua ni nyingi mno. Dalili mbaya ni pale fundi anaporudi kuomba "kidogo tena" na bado hakuna ubao uliokatwa. Mie ningemtaka anitumie picha ya mbao na risiti yenye vipimo siku ileile ya kununua.

Mchongaji, Fuoni: Hilo ni haki yako. Na fundi anayenuna kwa kuombwa picha, muache.

Msomaji wa fiqhi, Wete: Hamjagusa jambo zito. Mteja akighairi, pesa inakwendaje? Mkiandika "hairudi", hiyo ni arbuni, na katika madhehebu yetu ya Shafi haisihi. Hanbali ndio walioiruhusu. Andikeni kwamba iliyotangulizwa ni sehemu ya bei, na mteja akighairi atakatwa gharama iliyokwishatumika tu, kwa risiti.

Fundi aluminiamu, Amani: Na siku za fundi za kuchonga ziende bure?

Msomaji wa fiqhi, Wete: Sijasema bure. Kazi iliyofanyika ina ujira wake. Ila ujira huo upangwe kabla, si siku ya ugomvi.

Mchongaji, Fuoni: Akighairi kabla ya patasi, mbao ni zake, azichukue. Ubao uliochongwa nusu ndio tatizo: yeye hautaki, na mimi siwezi kuuuza kwa bei ya ubao mzima. Wengine humkata mteja nusu ya ufundi. Mie naona afadhali kuhesabu bamba kwa bamba, lakini fremu yenye nakshi inaanza kuchongwa pamoja na mabamba, na hesabu hiyo wawili huwa hawakubaliani.

Seremala, Jang'ombe: Huyu mteja yuko Muskat, anamtuma shemeji yake. Nakshi aione nani?

Mteja, Mbweni: Amtaje mwenyewe wa kuiona kabla hajatuma pesa. Shemeji akisema "sawa" na mwenye mlango akasema "sivyo", 600,000 zako zitakwama hapo.