"Nenda ukavunje AES kwanza" – nimeambiwa hivi mbele ya watu kumi na wawili. Wakuu, damu inachemka

Mkaguzi_wa_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi. Niko kwenye daladala, naandika huku mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua. Kila aliyewahi kukagua mfumo pale anamjua, sina haja ya kumtaja.

Nimempelekea ripoti. Nimemwonyesha kwenye skrini yeye na wenzake jina la mteja, herufi moja baada ya nyingine, likitoka kwenye kuki iliyosimbwa, na ufunguo sina. Mtu mzima akaegemea kiti, akasema: "Dada yangu, hii ni AES-256. Nenda ukavunje AES kwanza, ukirudi tutazungumza." Wakacheka. Wakuu, walicheka mpaka nikadhani dari litashuka. Mlinzi wa getini alikuja kuchungulia kuna nini.

Nenda. Ukavunje. AES. Kwanza.

Sijaigusa AES mimi! Nani amemwambia nimeigusa? Kuki yake ni baiti 48: 16 za mwanzo ni IV, halafu bloku mbili za `AES-256-CBC`. Kwenye CBC seva ikishapitisha bloku kwenye AES, inachukua kinachotoka na kukifanyia XOR na bloku iliyotangulia. Hiyo iliyotangulia iko kwenye kuki, na kuki iko mkononi mwangu. Nikibadilisha baiti moja pale, nimebadilisha baiti ileile kwenye maandishi yanayotoka upande wa pili, hata kama siyaoni.

Sasa seva inaangalia mkia, yaani padingi. Bloku ya mwisho ikipungukiwa baiti moja kufika 16 mkia ni `01`, zikipungua tisa ni `09` mara tisa. Mkia ukiwa mbovu, seva yake inarudisha 500 na kunitapikia `Given final block not properly padded`. Mkia ukiwa sawa lakini ndani kuna takataka, inarudisha 403 na `invalid token`. Basi! Nauliza, inajibu. Ni mpiga ramli anayekaa dukani saa 24, hachoki wala hadai hela.

Nikashika baiti ya mwisho ya bloku ya kwanza nikazungusha thamani zote kuanzia `00`. 500, 500, 500, 500… nilipofika `56`, 403. Maana yake mkia umekuwa `01`. Angalieni:

```
baiti halisi kwenye kuki:   5e
iliyoleta 403:              56
56 XOR 01 = 57   (kilichotoka kwenye AES)
57 XOR 5e = 09   (maandishi halisi)
```

`09`! Kwa hiyo bloku ya mwisho ina baiti tisa za padingi, na nane nyingine nimezipata bure bila kuuliza. Nikapanga zote tisa zisomeke `0a`, nikaanza kuitafuta ya kumi kutoka mwisho. Ikatoka `a`. Halafu `j`. Halafu `e`. Nilipomaliza bloku zote mbili ilisomeka `jina=asha;wadhifa=mteja`. Maombi kama elfu tatu hivi, kwa mwendo wa 20 kwa sekunde. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Halafu mtu anakwambia nenda ukavunje AES kwanza. Na neno "dada yangu" mbele yake, kama ananitafutia mchumba.

---

Kokoto

Nimekaa hapa na karanga zangu. Watu kumi na wawili wote walicheka? Hata yule wa akaunti?

---

Mkaguzi_wa_Usiku

Wa akaunti ndiye aliyecheka zaidi. Hajui hata AES ni nini.

---

fundi_kurasa

Pole dada. Mimi padingi ilinisumbua wiki nzima, kila simu inaonyesha tofauti. Weka `padding: 0` kwenye `body` halafu anza upya, mambo yatakaa.

---

Kokoto

😂😂😂 Karanga zimenipalia.

---

Mzee_wa_Bandari

fundi_kurasa, hiyo ni padingi nyingine, mwanangu. Kaa usome, utapata kitu.

Mleta uzi, pole. Hasira yako naielewa. Hili jambo Serge Vaudenay alilianika mwaka 2002, na mwaka 2010 Juliano Rizzo na Thai Duong wakalitumia kuibana ASP.NET mpaka Microsoft ikatoa kiraka cha dharura. Anayesema leo "vunja AES kwanza" amechelewa sana. AES inaweza kuwa nzima kabisa na maandishi yakatoka. Hata ufunguo ungekuwa wa biti elfu moja, hesabu yako haibadiliki: ni maswali yasiyozidi 256 kwa baiti, basi.

Ila nikuulize kama mkaguzi: ulipofika kwenye `5e` yenyewe seva ilisema nini?

---

Mkaguzi_wa_Usiku

200, mzee. Hiyo ni kuki nzima ambayo haijaguswa, nikaipita.

---

Mzee_wa_Bandari

Vizuri. Nimeuliza kwa sababu vijana wengi hukwama hapo. Ukianza na bloku ya kubahatisha badala ya ile halisi, unaweza kupata jibu zuri ukadhani ni `01`, kumbe mkia umeangukia `02 02`. Dawa yake ni kuitikisa baiti ya pili kutoka mwisho na kuuliza tena. Jibu likibaki zuri, ni `01` kweli. Likigeuka 500, ulikuwa umedanganyika, na usipogundua baiti zote zinazofuata kwenye bloku hiyo zinatoka matope.

---

Simba_Kodi

Mnakuza mambo. Aweke ujumbe mmoja tu, "Kuna hitilafu", kwa kila kosa. Yameisha. Hakuna haja ya ripoti ya kurasa 30 na kulia kwenye daladala.

---

Mkaguzi_wa_Usiku

Simba, hicho ndicho alichofanya! Palepale kikaoni! Alimwambia kijana wake abadilishe maneno, dakika tano, akanigeukia: "Umeona? Imeisha. Sasa nenda ukavunje AES." Alirudia mara ya pili, wakuu. MARA YA PILI.

Nikafungua tena. Maneno kweli ni yaleyale, "Kuna hitilafu". Lakini namba juu yake bado ni 500 kwa mkia mbovu na 403 kwa mkia mzuri. Programu yangu haisomi Kiswahili, inasoma namba. Nikamwonyesha. Akasema tutaziweka zote 400.

---

Simba_Kodi

Basi si zikiwa zote 400 imeisha?

---

Mzee_wa_Bandari

Haijaisha. Mkia ukiwa mbovu seva inakata palepale. Ukiwa mzuri inaendelea, inachambua maandishi, pengine inagonga hifadhidata kumtafuta mteja, ndipo inakataa. Tofauti hiyo inapimika kwa saa. Kwenye mtandao wenye kelele utauliza swali moja mara nyingi na kuchukua wastani, kazi inakuwa ndefu lakini inafanyika. Shambulio la Lucky Thirteen la mwaka 2013 lilikuwa hivyo: TLS ilikuwa imeshaunganisha ujumbe wa makosa miaka mingi, AlFardan na Paterson wakasoma muda wa kuhesabu MAC.

Kuficha maneno kunampunguzia mpiga ramli sauti tu. Duka bado liko wazi.

---

Bint_Seva

Sisi kwetu tuko salama. Tunahesabu HMAC ya maandishi, tunaibandika mwishoni, halafu tunasimba vyote pamoja. Mtu akibadilisha chochote HMAC inamkamata.

---

Mzee_wa_Bandari

Bint, rudi kaangalie mpangilio. Wakati wa kusimbua, kipi kinafanyika kwanza kwenu? Mnasimbua, mnatoa padingi, ndipo mnafika kwenye HMAC. Padingi imeshasema neno lake kabla HMAC haijaamka. TLS ya zamani ilikuwa na mpangilio huohuo. Geuza: simba kwanza, halafu hesabu HMAC juu ya kilichosimbwa pamoja na IV, na wakati wa kupokea hakiki HMAC kabla hujagusa AES. Baiti moja ikiguswa, kuki inatupwa nje na mkia haukaguliwi kabisa.

---

Bint_Seva

Ngoja. IV nayo?

---

Mzee_wa_Bandari

IV nayo. Ukiiacha nje, mtu anaibadilisha na kugeuza bloku ya kwanza apendavyo.

---

Bint_Seva

Naenda kuwasha laptopu. Usiku mwema kwenu, kwangu sidhani.

---

nyuki_77

Si mtumie GCM muachane na padingi kabisa? Mnahangaika na CBC kama tuko 2005.

---

Mzee_wa_Bandari

Ni sawa, mradi `nonce` isirudiwe kwa ufunguo uleule. Nimekuta mahali wameiandika ndani ya kodi, `nonce` moja tangu mfumo uzaliwe. Hapo umetoka shimoni ukaingia kisimani.

---

nyuki_77

Kwenye seva kumi zinazotumia ufunguo mmoja, mnahakikishaje hairudiwi? Namba za kubahatisha tu?

---

Mkaguzi_wa_Usiku

Hilo fungua uzi wako, mkuu, nitakuja. Mimi bado niko kwenye kile kiti. Mnajua kilichoniuma zaidi? Kwenye ripoti nilimwandikia kwamba siyo kusoma tu. Mpiga ramli huyohuyo anatengeneza kuki mpya. Unachukua bloku yoyote ya mwisho, unamuuliza mpaka ujue AES inatoa nini, halafu unachagua bloku ya kabla yake ili XOR ilete maandishi unayotaka wewe, ukirudi nyuma mpaka kwenye IV. Mteja anakuwa meneja na ufunguo hujauona. Nilikuwa na hiyo kuki mkononi, tayari! Sikufika kuionyesha kwa sababu ya kicheko.

---

Kokoto

Kwa nini hukuiingiza palepale? Ungeingia kama meneja ukafungua ukurasa wake mbele yao, mjadala ungekufa.

---

Mkaguzi_wa_Usiku

Mkataba unasema kusoma tu, siruhusiwi kupandisha cheo akaunti. Nilimwomba ruhusa ya maandishi. Jibu lake mnalijua.

---

Simba_Kodi

Mimi nilibishana naye mwaka jana kuhusu logi. Alikuwa anaweka nywila ndani ya logi. Aliniambia "logi ni zetu, nani atasoma?"

---

Paka_wa_Ofisi

Nyinyi mna bahati mnachekwa tu. Mimi nilimaliza ukaguzi wake mwezi wa tatu na ankara yangu mpaka leo iko "kwa mhasibu".

---

Kokoto

Yule wa akaunti anayecheka?

---

Paka_wa_Ofisi

Huyohuyo. Nikipiga simu anasema mfumo wa malipo una hitilafu.

---

Simba_Kodi

Hitilafu ya 500 au ya 403?

---

Paka_wa_Ofisi

Mkuu, niache. Kuna mwingine hapa anamdai? Tuandike majina tukapeleke barua moja ya pamoja.

---

nyuki_77

Mimi. Tangu Desemba.

---

fundi_kurasa

Na mimi. Ukurasa wa mbele niliutengeneza mimi, bado nusu ya hela.

---

Mkaguzi_wa_Usiku

Jamani, "nenda ukavunje AES kwanza"…

---

Paka_wa_Ofisi

Tumekusikia dada. Ankara yako wewe ni namba ngapi?